Kapsheni, hashitagi na komenti ya kupini: mwongozo kamili kwa muuzaji aliyemaliza kurekodi video fupi ya tangazo

Video imerekodiwa, imekatwa, muziki umewekwa. Kazi iliyobaki ni maandishi, na hapo ndipo wauzaji wengi wanaandika mstari mmoja haraka, wanarundika hashitagi na kuondoka. Matokeo yake yanajulikana: video inatazamwa, halafu komenti zinajaa "bei gani?", "mko wapi?", "mnatuma?" Nusu ya waliouliza hawarudi kusoma jibu. Mtu aliyeko Ilazo, Dodoma, alikuwa tayari kununua, ila hakujua kama duka liko Dodoma au Mwanza.

Mwongozo huu unafuata biashara moja tangu mwanzo hadi mwisho, ili kila hatua ionekane kwa mfano ulio wazi. Tuchukue muuzaji wa mafuta ya alizeti mwenye mashine ya kukamua maeneo ya Kizota, jijini Dodoma. Ana video ya sekunde 25: mbegu zinamiminwa kwenye mashine, mafuta yanatiririka, yanachujwa, yanajazwa kwenye dumu la lita 5, na mwisho viazi vinakaangwa. Bei na gharama utakazoziona humu ni za mfano tu. Weka za kwako. Hatua ni zilezile hata kama unauza zabibu, unashona sare za shule au una saluni.

Kanuni moja inaongoza kazi yote. Kapsheni ibebe mambo yasiyobadilika, na komenti ya kupini ibebe yanayobadilika. Mafuta ni ya alizeti, yanakamuliwa Kizota, yanauzwa kwa lita 5 na lita 20: hayo yatakuwa kweli hata baada ya miezi minane. Bei ya leo, kama mzigo upo, na gharama ya bodaboda vinaweza kubadilika Jumatatu ijayo. Bei ya alizeti hushuka baada ya mavuno katikati ya mwaka na kupanda kadiri mbegu zinavyopungua mitaani. Ukiandika bei ya Julai ndani ya kapsheni, video ikaja kupata watazamaji Januari, utagombana na wateja kwa sababu ya sentensi uliyoiandika wewe mwenyewe. Komenti unaifuta na kuandika nyingine kwa dakika moja, video ikabaki na watazamaji wake wote. Kapsheni ya Instagram unaweza kuihariri siku yoyote, lakini TikTok ina masharti yake juu ya kuhariri, kwa hiyo usijenge kazi yako juu ya kitu ambacho huenda kesho usiweze kukigusa.

Kabla ya kuandika neno lolote

Tazama video yako mara moja bila sauti. Watu wengi wanaiona hivyo, wakiwa ofisini au ndani ya daladala. Andika kwenye karatasi kile ambacho mtu asiye na sauti hakukijua. Katika video yetu, bila sauti haijulikani kama ni alizeti au karanga (mbegu zinapita haraka mno), haijulikani ni mji gani, na haijulikani kama yanauzwa rejareja au kwa madumu tu.

Kisha fungua WhatsApp ya biashara na usome maswali 20 ya mwisho kutoka kwa watu ambao hawakuwa wateja wako kabla. Yaandike kwa maneno yao, usiyasahihishe. Kwa muuza mafuta yatakuwa karibu na haya: "lita tano sh ngapi", "yanatoa povu?", "yana harufu?", "mko wapi hapo Dom", "mnatuma Dar?", "yamechujwa?" Haya ndiyo malighafi yako. Yapange kwa mafungu mawili: yenye jibu lisilobadilika na yenye jibu linalobadilika. Usipofanya hivi utaandika yale unayotaka kusema wewe, kama vile "mafuta bora kwa afya ya familia yako", na hakuna hata mmoja kati ya wale 20 aliyeuliza hilo.

Zingatia pia maneno waliyoyatumia, maana ndiyo yanayoandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia. Mtu hatafuti "bidhaa ya mafuta ya kula yenye ubora wa hali ya juu". Anaandika "mafuta ya alizeti dodoma". TikTok na Instagram husoma maneno ya kapsheni yanapoamua video ipi ionekane kwenye utafutaji, na tangu Julai 2025 machapisho ya akaunti za kibiashara za Instagram zilizo wazi kwa umma yanaweza kutokea hata kwenye Google. Ndiyo maana tahajia ya kawaida ina faida ya fedha kabisa. "Mafta ya alzeti original" linaeleweka kwa msomaji, lakini mtu anayetafuta kwa tahajia sahihi huenda asilifikie.

Mstari wa kwanza

Instagram inaruhusu kapsheni ya hadi herufi 2,200, lakini mtazamaji wa Reels anaona kipande cha mstari wa kwanza tu, kilichobaki kinafichwa nyuma ya `... more`. Urefu wa kipande hicho hutegemea upana wa simu, kwa hiyo usitegemee herufi kamili. Chukulia kwamba maneno sita ya kwanza ndiyo yataonekana kwa kila mtu. Maneno hayo sita yabebe vitu viwili: unauza nini na uko wapi.

Angalia mistari ya aina hii, ambayo imezoeleka sana:

"Habari zenu wapendwa wateja wetu, leo tumewaletea kitu kizuri..."

Maneno sita ya kwanza yamekwisha kwenye salamu. Mtazamaji hajajua ni mafuta, hajajua ni Dodoma. Salamu ni adabu njema dukani, na mteja akiingia lazima umsalimie, ila kwenye kapsheni iweke mwishoni au kwenye majibu ya komenti, ambako inasomwa.

Mstari wa muuzaji wetu uwe hivi:

"Mafuta ya alizeti Dodoma, yamekamuliwa Kizota."

Una herufi 46 pamoja na nafasi. Maneno manne ya mwanzo ni yaleyale ambayo mteja anayaandika akitafuta. Hauna sifa hata moja, na hauhitaji, kwa sababu video inaonyesha mafuta yakitiririka. Macho yameshaona sifa yenyewe. Mapambo yoyote ya emoji yakae baada ya mstari huu. Ukianza na mioto mitatu na mishale minne, umekula nafasi ya neno "Dodoma".

Watu wa Dodoma wanaujua mji kwa mitaa, siyo kwa barabara zenye majina. Ndiyo maana "Kizota" ina maana kubwa kuliko "barabara kuu ya Singida". Kama duka lako liko mahali pasipojulikana, tumia jirani anayejulikana: karibu na Soko la Majengo, mkabala na Nyerere Square, njia ya kwenda Soko la Ndugai.

Mwili wa kapsheni

Baada ya mstari wa kwanza acha mstari mmoja mtupu, kisha andika sentensi tatu hadi tano fupi. Kila moja ijibu swali moja kutoka kwenye fungu la majibu yasiyobadilika. Hakuna haja ya kuzidisha: aliyebonyeza `... more` ameshavutiwa, anachotafuta sasa ni sababu ya kuacha au kuendelea.

Kwa muuza mafuta swali la povu linastahili sentensi yake, kwa sababu ndilo linalowafanya watu waogope mafuta ya kukamua. Jibu kwa unyoofu. Kama mafuta yako yamechujwa tu, sema yamechujwa. Usiandike kwamba yamesafishwa kiwandani kama hayajapita huko; mteja atakaanga chapati siku hiyohiyo na ukweli utajulikana jikoni. Vivyo hivyo na habari za afya. Sentensi kama "yanatibu presha" isiandikwe kabisa: unauza chakula, huuzi dawa, na madai ya kutibu yanaweza kukuingiza matatani na mamlaka. "Hayana kolesteroli" ni kweli, ila ni kweli kwa mafuta yote ya mimea, hivyo haimpi mteja sababu ya kukuchagua wewe. Na alama ya TBS itajwe tu kama unayo kweli kwa bidhaa hiyohiyo iliyo kwenye video.

Baada ya majibu, agiza jambo moja. Moja tu. Kapsheni inayosema "tufollow, share, tag rafiki, piga simu, njoo inbox na tembelea duka letu" humwachia mtu kazi ya kuchagua, na mara nyingi anachagua kupita. Amua mauzo yako yanafungwa wapi. Kama ni WhatsApp, basi agizo ni WhatsApp na mengine yote yaondoke.

Hapa kuna tatizo la kiufundi ambalo huwakwamisha wengi. Kiungo ukikiandika ndani ya kapsheni ya Instagram hakibonyezeki, na ndani ya komenti pia hakibonyezeki. YouTube nayo iliondoa ubonyezekaji wa viungo kwenye komenti na maelezo ya Shorts tangu 2023. Facebook ndiyo inayokiacha kikifanya kazi. Kwa hiyo kwenye Instagram kiungo cha WhatsApp kiwekwe kwenye wasifu wa akaunti, na kapsheni imwelekeze mtu huko: "Bonyeza kiungo kilicho kwenye wasifu wetu uagize WhatsApp." Namba ya simu iandikwe pia hapohapo kwenye wasifu, kwa ajili ya wanaopenda kupiga, na itenganishwe kwa nafasi kila baada ya tarakimu tatu, kwa kuwa mtazamaji hataweza kuinakili kirahisi na itabidi aisome akiandika mahali pengine.

Kiungo chenyewe kinaandikwa hivi, ukiweka tarakimu zako mahali pa X:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Nahitaji%20mafuta%20ya%20alizeti.%20Niko%20mtaa%20wa:
```

Namba inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri. Kosa la kila siku ni kuandika 2550 kisha namba; WhatsApp itasema namba hiyo haipo. Vile `%20` ni nafasi kati ya maneno. Mteja akibonyeza anakuta ujumbe umeshaandikwa nusu, anamalizia jina la mtaa na kutuma. Faida ni mbili: hasiti akiwaza aanzeje, na wewe unajua papo hapo bodaboda inaenda wapi. Kijaribu kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kuchapisha video.

Kapsheni yetu kamili, kabla ya hashitagi, ni hii:

"Mafuta ya alizeti Dodoma, yamekamuliwa Kizota.

Mbegu zinakamuliwa na mafuta yanachujwa hapahapa, kama unavyoona kwenye video. Yana harufu ya asili ya alizeti. Povu likitokea unapoanza kupasha, punguza moto na lisubiri litulie kabla ya kuweka chakula. Tunauza dumu la lita 5 na la lita 20.

Kuagiza: bonyeza kiungo kilicho kwenye wasifu wetu. Bei ya leo na gharama ya kuletewa zipo kwenye komenti ya kwanza."

Sentensi ya mwisho kabisa ndiyo inayounganisha sehemu mbili. Bila hiyo, wengi hawatajua kwamba komenti ya juu ina bei.

Ukiipeleka video hiyohiyo Facebook, usinakili kapsheni kama ilivyo. Maneno "kiungo kilicho kwenye wasifu" hayana maana pale ambapo kiungo kingeweza kukaa ndani ya kapsheni yenyewe na kubonyezwa. TikTok nayo, ikiwa akaunti yako bado haijapewa nafasi ya kiungo kwenye wasifu, agizo libadilike liwe namba ya kupiga.

Hashitagi

Hashitagi zimepungua nguvu. Instagram kwa miaka mingi iliruhusu hadi 30, na watu walikuwa wanaweza kufuata hashitagi kama wanavyofuata akaunti. Uwezo huo wa kufuata uliondolewa mwishoni mwa 2024. Kinachobaki ni kazi ya kueleza video inahusu nini. Kwa kazi hiyo tatu hadi tano zinatosha, zikiwa mwishoni mwa kapsheni.

Chagua kwa kujaribu. Andika hashitagi kwenye kisanduku cha kutafutia na utazame video tisa za kwanza zinazotokea. Jiulize: mtu anayetazama hizi angeweza kununua ninachouza? Ukijaribu #Dodoma utakuta mchanganyiko: habari za Serikali na Bunge, viwanja vinavyouzwa, wanafunzi wa vyuo. Ni pana, ila inaeleza mahali, kwa hiyo moja ya namna hiyo inafaa kubaki. #MafutaYaAlizeti inaeleza bidhaa yenyewe. #AlizetiDodoma inaunganisha vyote viwili na haina msongamano. Ya nne iwe ya matumizi, kwa mfano #MapishiYaNyumbani, kwa kuwa video inaishia na viazi vikikaangwa. Kama video isingekuwa na jiko, hashitagi hiyo isingestahili kuwepo.

Acha kabisa majina ya wasanii na matukio yanayovuma. Anayetafuta mwanamuziki akikuta mashine ya alizeti ataipita ndani ya sekunde moja, na programu inapoona watazamaji wa kwanza wanaipita video yako, inakosa sababu ya kuipeleka kwa wengine. Unakuwa umeleta watu wa kukuangusha.

Kuna mtego mmoja unaotuhusu sana sisi wa Kiswahili: ritifaa. Hashitagi hukatika inapokutana na alama hiyo. Ukiandika #Chang'ombe, kinachobonyezeka ni #Chang peke yake, na `'ombe` inabaki nje kama maandishi ya kawaida. Hivyohivyo #Ng'ombe inageuka #Ng. Andika #Changombe na #Ngombe. Kistari na nafasi navyo hukata: #Dodoma-Jiji inaishia kwenye Dodoma. Utatambua kosa kwa rangi, kwa sababu sehemu inayofanya kazi huwa na rangi tofauti na maandishi mengine baada ya kuchapisha. Chunguza rangi hiyo kila mara. Ni ukaguzi wa sekunde tatu.

Herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno, kama #MafutaYaAlizeti, haibadilishi utafutaji. Inamsaidia msomaji kuona maneno yanapotengana, na inaisaidia programu inayowasomea wasioona itamke neno kwa neno.

Komenti ya kupini

Iandike mapema, kwenye daftari la simu, kabla hujachapisha video. Mpangilio wa dakika za kwanza una maana: chapisha video, weka komenti yako, ipini, ndipo usambaze kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye status. Anayesambaza kwanza anawaletea marafiki zake ukurasa usio na bei, na swali la "bei gani?" linakuwa komenti ya juu kabisa.

Kupini ni rahisi. Kwenye TikTok shikilia komenti kwa kidole mpaka orodha itokee, kisha chagua `Pin comment`. Kwenye Instagram shikilia vilevile, au iburute kushoto kwenye baadhi ya simu, uguse alama ya pini. TikTok inakubali komenti moja tu kwa kila video. Ukipini nyingine, ya kwanza inaachiliwa. Instagram inakubali hadi tatu. Anayeweza kupini ni mwenye video peke yake.

Komenti ya muuzaji wetu:

"Bei ya wiki hii (kuanzia 14 Julai): lita 5 ni 32,000, lita 20 ni 120,000. Bodaboda: Area C, Kisasa na Ilazo 3,000, Mtumba 7,000. Mikoani tunatuma kwa basi kutoka stendi ya Nzuguni, nauli ya mzigo analipa mpokeaji. Tuna namba moja tu, iliyo kwenye wasifu wetu. Uko mtaa gani tukuambie bodaboda ya kwenu?"

Tuipitie, maana kila kipande kina sababu.

Tarehe inakulinda. Mtu anayeiona Septemba anajua mwenyewe kwamba huenda bei imesogea, na anauliza badala ya kudai. Bei zenyewe ziko wazi. Desturi ya kujibu "njoo inbox" imeenea, na sababu yake inaeleweka, kwamba muuzaji hataki washindani waione. Lakini washindani wanaweza kuuliza kama mteja yeyote. Anayepotea ni mnunuzi mwenye aibu ya kuuliza bei kisha kushindwa kununua, na watu wa namna hiyo ni wengi kuliko wanaokomenti.

Bodaboda imetajwa kwa mitaa. "Delivery ipo" haitoshi kwa jiji lililosambaa kama Dodoma. Mfanyakazi wa ofisi za Mji wa Serikali pale Mtumba anajua ni mbali na Kizota, na bila kuona gharama atafikiri ni kubwa kuliko ilivyo. Kwa wa mikoani, sentensi moja inasema nani analipa nauli, kwani hapo ndipo ugomvi huanzia. Dumu la lita 20 lina mafuta ya uzito wa kilo 18 na ushee, hivyo konda hatalihesabu kama kifurushi kidogo.

Sentensi ya "tuna namba moja tu" ni ya ulinzi. Kila Mtanzania ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Matapeli hufungua akaunti yenye picha na jina linalofanana na lako, wanajibu wateja chini ya video yako mwenyewe, na kuwapa namba yao. Komenti ya kupini ni mahali ambapo mteja anajua kwamba anayesema ni mwenye video. Kama unapokea malipo kwa Lipa Namba, ongeza jina litakalotokea kwenye simu kabla ya mtu kuweka namba ya siri, na umwambie asitishe likitokea jina jingine. Na mteja akiandika namba yake ya simu hadharani kwenye komenti, mpigie kisha uifute komenti hiyo. Ikibaki, mtapeli naye atampigia akijifanya wewe.

Mwisho kuna swali, na swali hilo linajibika kwa neno moja. "Maoni yako?" halijibiki. "Uko mtaa gani?" linajibika, na kila jibu ni mteja aliyejitambulisha mahali alipo. Jibu kila mmoja kwa gharama yake: "Nkuhungu ni 2,000, karibu sana." Wanaopita wanasoma majibu hayo na kupata habari ya mtaa wao bila kuuliza.

Baada ya kupini, chukua simu nyingine yenye akaunti tofauti na ufungue video. Je, komenti inaonekana? Vichujio vya komenti vinaweza kuificha yako mwenyewe, hasa ukiwa umewasha vichujio vya maneno au umebandika maandishi yaleyale kwenye video kumi mfululizo. Wewe utaiona kawaida, wengine hawataiona, na hutajua kwa nini kila mtu bado anauliza bei. Ikiwa imefichwa, ifute, badili maneno, ondoa namba ndefu au kiungo, kisha jaribu tena.

Kusoma dalili

Siku mbili baada ya kuchapisha, rudi kwenye komenti kama mganga anayesoma dalili. Watu wakiendelea kuuliza "mko wapi?", mstari wa kwanza haujafanya kazi yake, mara nyingi jina la mji limeangukia nyuma ya `... more`. Wakiuliza bei, basi komenti imefichwa, au kapsheni haikuwaelekeza, au bei imezama katikati ya maandishi marefu. Weka bei iwe kitu cha kwanza kwenye komenti.

Ukiona watazamaji wengi na wanaoingia kwenye wasifu ni wachache, agizo lako halieleweki au umeweka maagizo mawili. Wakiingia kwenye wasifu wengi lakini ujumbe wa WhatsApp hauji, kiungo kimekosewa. Kibonyeze mwenyewe utaona. Na ikiwa komenti nyingi zinatoka nje ya eneo unaloweza kulifikia, ongeza mtaa kwenye kapsheni na upunguze hashitagi pana, ubaki na zile zenye mahali ndani yake.

Swali jipya likirudiwa mara tatu, ndilo linalostahili kuingia kwenye komenti ya kupini. Mfano mzuri hutokea Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapoingia. Mafuta ya alizeti ya kukamua huanza kuwa na ukungu, na wateja wanaandika "mbona yameganda, mmechanganya nini?" Ni nta inayotoka kwenye maganda ya mbegu, hujikusanya mafuta yakipoa na huyeyuka yakipata joto. Kwenye Instagram andika jibu hilo kama komenti ya pili na uipini pamoja na ile ya bei. Kwenye TikTok, ambako nafasi ni moja, futa komenti ya zamani, unganisha yote mawili kwa ufupi, na upini upya. Joto likirudi, liondoe.

Mzigo ukiisha, usifute video wala kuifungia. Badili komenti peke yake: "Mafuta yameisha kwa sasa, tunakamua tena Jumamosi. Andika mtaa wako hapa chini tukuwekee." Jumamosi ikifika, unaanza na majina hayo kabla ya kutangaza upya.